Somo la 3: Jumla ya mauzo kwenye Google Sheets (skripti ya kurekodi, toleo la pili)

KWA MSIMULIZI NA ANAYESHIKA KIPANYA: Katika toleo la kwanza sauti ilisema "bofya hapa" wakati kishale kimeshahamia kwingine. Neno "hapa" sasa limeondolewa lote. Utaratibu ni huu: sauti inataja mahali, kishale kinakwenda na kutulia, sauti inatoa agizo, ndipo unabofya. Palipoandikwa KIMYA msijaze maneno. Mtazamaji anafanya kwenye kompyuta yake. Kuzeni jedwali hadi 150%, maana wengi wanatutazama kwa simu.

SKRINI: Jedwali hili liwe tayari, kuanzia seli A1. Kolamu ya D haina kitu chini ya kichwa.

```
Bidhaa   Idadi   Bei    Jumla
Unga     12      2000
Sukari   10      3000
Mchele   15      2800
Sabuni   20      1500
Chumvi   6       500
```

SAUTI: Karibu tena. Haya ni mauzo ya siku moja ya duka dogo. Tunataka kompyuta itupigie hesabu: kila bidhaa imeingiza shilingi ngapi, na duka zima limeingiza ngapi. Kama jedwali lako bado, simamisha video uliandike kwanza.

SAUTI: Tunaanza na unga. Angalia kolamu ya D, chini ya neno Jumla.
SKRINI: Kishale kinakwenda D2 polepole. Kinatulia.
SAUTI: Seli hiyo inaitwa D2. Ibofye mara moja.
SKRINI: Bofya. Mstari wa buluu unaizunguka D2. KIMYA, sekunde 3.

SAUTI: Sasa tunaandika, hatubofyi popote. Anza na alama ya sawasawa. Kwenye kibodi nyingi iko karibu na Backspace.
SKRINI: Andika `=` peke yake. Subiri.
SAUTI: B mbili. Kisha nyota, ambayo ndiyo alama ya kuzidisha: shikilia Shift, bonyeza 8. Malizia na C mbili.
SKRINI: Kila kipande kiandikwe baada ya kutajwa, si kabla.

```
=B2*C2
```

SAUTI: Bonyeza Enter.
SKRINI: D2 inaonyesha 24000. KIMYA, sekunde 4.
SAUTI: Elfu ishirini na nne. Kama unaona herufi B2*C2 zenyewe badala ya namba, umesahau alama ya sawasawa. Rudi D2, uandike upya.

(Hapa ndipo wanaoanza hupotea. Sheets inaweza kuleta kisanduku cha "Suggested autofill" bila kuombwa. Kikitokea, msikikate kwenye uhariri. Mtazamaji atakiona kwake na kudhani ameharibu kitu.)

SAUTI: Huenda kimejitokeza kisanduku kidogo kinachojitolea kujaza seli zilizobaki. Hujakosea. Leo tutajaza wenyewe, kwa hiyo kifunge kwa alama ya X.
SKRINI: Kishale juu ya X, kinatulia, bofya. Kisipotokea, rekodini sauti tu, kishale kisisogee.

SAUTI: Bofya tena D2. Tazama kona yake ya chini, kulia. Kuna kitone cha buluu.
SKRINI: Bofya D2. Kishale kinakwenda kwenye kitone hadi kinageuka msalaba mwembamba. Kinatulia sekunde 2.
SAUTI: Kishale kimekuwa msalaba. Kisipogeuka, bado hujafika kwenye kitone. Sasa bonyeza, usiachie, vuta chini hadi mstari wa chumvi. Achia.
SKRINI: Buruta pamoja na sauti. Achia kwenye D6 sauti inaposema "achia". KIMYA, sekunde 5.

SAUTI: Zimejaa zote. Bofya D3, kisha inua macho kwenye upau ulio juu ya jedwali.
SKRINI: Bofya D3. Upau unaonyesha `=B3*C3`. Kishale kisiuzibe.
SAUTI: Tuliandika mbili, yenyewe ikaweka tatu. Fomula inafuata mstari wake.

SAUTI: Imebaki jumla kuu. Shuka hadi D7, iliyo tupu, uibofye. Andika sawasawa, SUM, fungua mabano, D2, nukta pacha, D6, funga mabano.
SKRINI: Bofya D7, kisha andika kwa mwendo wa sauti.

```
=SUM(D2:D6)
```

SAUTI: Bonyeza Enter. Laki moja na ishirini na tisa elfu.
SKRINI: 129000. KIMYA, sekunde 4.

SAUTI: Tuijaribu. Bei ya sabuni ni seli C5. Ibofye, uandike 1200 bila kufuta kilichomo, kisha tazama D7 unapobonyeza Enter.
SKRINI: Bofya C5, andika 1200. Kishale kiende kando ya D7 kwanza, ndipo Enter. D7 inageuka 123000.
SAUTI: Ukiona laki moja na ishirini na tatu elfu, jedwali lako liko sawa. Ukiona namba nyingine, bofya seli za kolamu ya D moja moja na usome fomula kwenye upau.