Kuh: Mzigo wa mwani, viroba 80 kutoka Micheweni

Kaka Khamis, assalaam alaykum.

Barua yako ya jana usiku nimeipata. Sikukujibu palepale kwa sababu nilitaka kwanza nipitie daftari la ghalani na nizungumze na nahodha, nisije nikakwambia jambo la kubahatisha.

Kuchelewa ni kweli. Tulikuahidi mzigo ufike Malindi Alhamisi, ukafika Jumatatu. Boti ilipakia Wete Jumatano kama tulivyopanga, ikazuiliwa na mvua na upepo. Masika hatuna uwezo nayo, lakini kukaa siku nne bila ya kukupigia simu ni kosa letu, na hasa langu, maana kazi ya kukuarifu ilikuwa yangu. Najua gari na wachukuzi ulikuwa umeshawaweka. Nakuomba radhi. Gharama ya gari ya Alhamisi niandikie ni kiasi gani, tuikate kwenye baki unalodaiwa.

Kuhusu maji. Viroba vyote 80 vilipimwa kabla ya kutoka ghalani, na daftari linaonesha unyevu kati ya asilimia 31 na 34. Tulikubaliana usizidi 35. Lakini nahodha ameniambia kuwa turubai liliinuka kwa upepo usiku, na viroba 11 vilivyokuwa juu kabisa vikapigwa na mvua. Kwa hivyo naamini ulichokiona kwenye viroba ulivyovifungua. Ninachoshindwa kukikubali ni kwamba mzigo wote umeharibika, kabla ya kufunguliwa wote mbele ya pande zote mbili.

Kijana wetu anakuja Unguja kwa boti ya Ijumaa. Jumamosi saa 3 asubuhi atakuwa ghalani kwako na kipimo, mfungue kiroba kimoja kimoja. Kitakachozidi asilimia 35 kiwekwe kando, kisha uchague mwenyewe: tukianike upya kwa gharama zetu, au tukitoe kwenye hesabu kwa bei ileile ya shilingi 900 kwa kilo. Vikiwa ni hivyo 11 tu, ni kilo 550, yaani shilingi 495,000. Vikiwa zaidi, tutatoa zaidi. Sitobishana na kipimo.

Wakati huo huo, tafadhali vilivyolowa visikae juu ya vikavu. Maji ya mvua huutoa mwani chumvi na rangi, na ukirundikwa hupata joto ukaharibu na wa jirani yake. Ukitandazwa leo juu ya turubai, mwingi utaokoka. Malipo ya vibarua wa kazi hiyo ni juu yetu.

Malipo ya awali, shilingi 1,800,000, siwezi kuyarudisha leo. Akina mama walilipwa siku waliyokabidhi mwani wao, na ndivyo tulivyokubaliana ulipozituma. Nakwambia wazi ili usikae ukizingoja.

Limebaki neno moja, nalo ni lile la uvivu. Akina mama hawa huingia baharini kwenye bamvua, maji yakishatoka, wakafungua taitai moja moja hali wameinama, kisha wakaubeba mwani mbichi kichwani mpaka pwani. Kilo saba za mbichi, au zaidi, ndizo zinazotoa kilo moja kavu. Wiki ile ya mzigo wako mvua ilikuwa haitabiriki, na niliwaona kwa macho yangu wakiuanika na kuuanua mara nne kwa siku moja, kila wingu lilipotanda, mmoja wao na mtoto mgongoni. Walichokabidhi kilikuwa kikavu. Kilichotokea njiani nilaumu mimi, kaka yangu, nami nitakusikiliza. Wao naomba uwaondoe katika maneno haya.

Huu ni msimu wa tatu tunafanya kazi pamoja. Mwaka jana, Ramadhani ilipokaribia kwisha, ulitulipa kabla ya siku yako bila ya kuombwa, na watoto wengi hapa walivaa nguo mpya Sikukuu. Hilo sijalisahau, na ndiyo sababu nataka hesabu hii tuimalize vizuri.

Nijulishe kesho kabla ya adhuhuri kama Jumamosi saa 3 inakufaa, ili kijana akate tiketi. Ukipenda tuzungumze, simu yangu ni ileile, na baada ya Magharibi nipo nyumbani.

Wasalaam,
Mwanaisha
Mratibu wa kikundi cha wakulima wa mwani
Micheweni, Pemba

Jumanne, saa 4:12 usiku, Khamis aliandika:

> Mzigo umechelewa na umeoza. Viroba vinachuruzika maji. Wanawake wenu wavivu, hata kuanika hawajui. Nataka pesa zangu kesho. Sitaki hadithi.