Ombi la ruzuku ya kuhifadhi msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, Unguja

Kamati ya Msikiti
Kizimkazi Dimbani
Mkoa wa Kusini Unguja

12 Agosti 2025

Mkurugenzi,
Idara ya Ruzuku za Urithi wa Utamaduni

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA SHILINGI 156,000,000 KWA AJILI YA KUOKOA MIHRABU YA MWAKA 1107 NA KUTA ZAKE

Salamu kutoka Kizimkazi. Tunaandika kuiomba taasisi yenu ruzuku ya shilingi 156,000,000 za Tanzania, kwa kazi ya miezi 14, ili tuyanusuru maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mihrabu ya msikiti wetu pamoja na jengo linaloyahifadhi. Kanuni zenu zinasema hamgharamii shughuli za dini. Tumezisoma kwa makini, na hatuombi chochote kinachozivunja. Mazulia, vipaza sauti, umeme, posho ya imamu na maji ya kutawadhia ni mzigo wa waumini wenyewe, na tutaendelea kuubeba. Tunachokileta mbele yenu ni urithi wa pwani nzima, ambao kwa bahati umo ndani ya nyumba ya ibada ya kijiji cha wavuvi.

Anayepita njiani haoni cha kumsimamisha. Ataona jengo dogo jeupe lenye paa la bati, na makaburi ya kale pembeni. Lakini ukiingia ndani na kuuelekea ukuta wa kaskazini, ambako ndiko kibla kwa sisi wa Unguja, unakutana na mkanda wa maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kikufi iliyopambwa majani na maua, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe. Maandishi hayo yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na hadi leo yamo ndani ya msikiti unaosaliwa. Samuel Flury, mtaalamu wa hati za Kikufi, aliyafanyia uchambuzi na kuuchapisha mwaka 1922, na tangu hapo ni shida kukuta maandiko ya kitaalamu juu ya historia ya awali ya Waswahili yasiyoitaja Kizimkazi.

Tafadhali iwekeni tarehe hiyo mahali pake. Mwaka 1107 ni zaidi ya miaka 220 kabla ya Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule. Ni karibu miaka 400 kabla ya meli za Vasco da Gama kupita pwani hii mwaka 1498. Sayyid Said bin Sultan, ambaye watoto wetu hufundishwa kwamba ndiye aliyeijenga Zanzibar ya karafuu, alikuja karne saba baadaye. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba historia ya visiwa hivi inaanzia kwa Wareno au Waomani, jibu lipo hapa, limechongwa na kuwekewa tarehe. Wapo waliofananisha uchongaji wake na kazi za miji ya Ghuba, na mjadala juu ya nani aliushika tindo bado ni mtamu. Jiwe lenyewe ni la baharini kwetu: tumbawe linalokatwa likiwa bichi, laini, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Ni ufundi ambao pwani hii iliukuza hadi ukawa alama yake, kuanzia Somalia mpaka kusini ya Kilwa.

Jambo jingine linalotugusa sana ni hili. Sehemu kubwa ya jengo tunaloliona ni ya karne ya 18, msikiti ulipojengwa upya. Mafundi wa zama hizo wangeweza kuvunja kila kitu na kuanza na kipya. Hawakufanya hivyo. Waliyatunza maandishi ya mababu waliokufa zaidi ya miaka 600 kabla yao. Hapa basi pana historia mbili: ya waliochonga, na ya waliokataa kubomoa. Sisi tunajihesabu ni warithi wa hao wa pili, na ndiyo sababu hatuwezi kukaa kimya sasa.

Hali ya jengo si nzuri. Huko nyuma, kwa nia njema kabisa, kuta zilipigwa plasta ya saruji juu ya chokaa ya zamani. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa kupitia chokaa, taratibu, mwaka mzima. Saruji huziba njia hiyo. Maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na inapokauka na kuwa chembe hutanuka na kulisukuma jiwe kutoka ndani. Upande wa chini wa mihrabu, uso wa tumbawe umeanza kutoka unga. Ukipitisha kiganja, kinabaki na vumbi jeupe. Hilo vumbi ni herufi. Likishaanguka halirudishiki kwa fedha ya mtu yeyote. Juu, bati limeota kutu na misumari imelegea, na kwa kuwa hakuna mfereji, mvua ya masika humwagika moja kwa moja kwenye msingi na kurusha matope ukutani. Boriti mbili za mikandaa zimeliwa na mchwa.

Ilipoanguka sehemu ya Beit el Ajaib katika Mji Mkongwe tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha, sote tuliohusika na majengo ya kale Zanzibar tulishtuka. Somo tulilolichukua ni kwamba haraka inaua kama uzembe. Ndiyo maana kazi yetu inaanza na uchunguzi, na hakuna plasta itakayoguswa mpaka uchunguzi huo ukamilike. Tumetenga shilingi 18,500,000 za kupima unyevu na chumvi ukutani, kuchora ramani ya nyufa, na kuyapiga maandishi yote picha za pande tatu kwa kiwango cha kuonyesha kila mkwaruzo. Hata likitokea la kutokea, Mungu aepushe, dunia itabaki na nakala sahihi. Nakala hiyo itawekwa wazi kwa wasomi bila malipo, na moja itakabidhiwa kwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.

Baada ya hapo yanafuata maji. Shilingi 39,500,000 ni za paa, boriti, mifereji na mtaro wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Tungependa sana kuliondoa bati na kurudisha dari ya zamani, lakini tumeshauriwa kwamba uzito wake unaweza kuzielemea kuta zilizochoka, na tumekubali. Paa jipya litakuwa jepesi. Kuondoa saruji kwa mkono, tindo na nyundo ndogo bila mashine, kisha kupiga upya chokaa iliyolowekwa na kuachwa iive vya kutosha, kutagharimu shilingi 47,000,000. Hii ndiyo sehemu kubwa kuliko zote, na ni kubwa kwa sababu ya muda: chokaa inataka kukauka polepole chini ya magunia yaliyoloweshwa, na tukiiharakisha itapasuka. Tutaifanya katika kipupwe, kuanzia Juni, masika yakishapita.

Mihrabu yenyewe hatutamkabidhi fundi wa kawaida, hata awe hodari vipi. Shilingi 31,000,000 ni za mtaalamu wa kuhifadhi mawe aliyewahi kufanya kazi na matumbawe, atakayeitoa chumvi kwa kubandika tabaka za udongo laini na karatasi zilizoloweshwa maji safi, na kuuimarisha uso unaotoka unga. Kilichokwisha kupotea hakitachongwa upya. Tunajua wapo watakaotamani kuona mkanda mzima, mpya na unaong'aa, lakini herufi tutakayoibuni sisi itakuwa uongo ndani ya hati ya kweli.

Shilingi 12,000,000 tumezitenga kwa mafunzo, na kama mngetulazimisha kupunguza, hizi ndizo za mwisho tungezigusa. Mafundi wanaojua kuchoma na kuivisha chokaa Kusini Unguja wamebaki wachache, na wote ni wazee. Vijana wanane wa Dimbani na Mkunguni, wanne wanawake, watafanya kazi chini yao kuanzia siku ya kwanza. Kazi ikiisha, watakuwepo watu kijijini wanaoweza kuziba ufa mdogo kabla haujawa mkubwa. Shilingi 8,000,000 zilizobaki ni za usimamizi na ukaguzi wa hesabu.

Kwa upande wetu, kijiji kimeshachanga shilingi 22,000,000, nyingi zikitoka kwa wavuvi na wenye mashua za kutembeza wageni, na nyingine kwa jamaa zetu walioko Muskat na Dubai. Fedha hizo zitalipia stoo ya vifaa, ulinzi, na banda la kusalia muda wote wa kazi, kwa sababu si haki ruzuku yenu ilipie banda la sala. Nguvu kazi ya kubeba mawe na mchanga haimo katika hesabu hii, itatolewa bure.

Mnaweza kuuliza: urithi huu ni wa nani, na nani ataruhusiwa kuuona? Msikiti ni wakfu, hauuziki wala haurithiki, na hautageuzwa mali ya mtu. Mpango wa kazi utapitia Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale pamoja na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na hatutaanza bila maandishi yao. Nje ya nyakati za sala, mgeni yeyote, mwanamume au mwanamke, Muislamu au asiye Muislamu, ataingia kuyaona maandishi kwa kuvua viatu na kujisitiri tu. Skuli zitaingia bila kiingilio. Tutaweka bango la maelezo kwa Kiswahili kwanza, kisha Kiarabu na Kiingereza, litakalosomeka kama historia, si kama mawaidha.

Njia hii si ngeni kwetu. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, na hapakuwa na aliyeuona msaada huo kuwa ni wa kueneza dini. Waislamu wengi wa Unguja tulifurahi kuona jengo lile linapona, maana uchungu uliomo mle ni wa kwetu sote. Tunaamini Kizimkazi inastahili jicho hilohilo.

Tumeambatanisha mchanganuo wa gharama, picha za mihrabu zilizopigwa mwezi uliopita, mchoro wa jengo, barua ya sheha na taarifa ya benki ya kamati. Tunaomba mtume mtaalamu wenu aje aone kabla ya kuamua, ikiwezekana kabla ya mvua za vuli kushika mwezi wa Novemba, ili aikute plasta ikiwa kavu na aweze kuona chumvi ilipofika. Tutamlaza na kumlisha hapa kijijini, na mafundi wazee watakuwepo kumjibu.

Wenu katika kazi ya uhifadhi,

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Msikiti wa Kizimkazi Dimbani

Nakala: Sheha, Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana