Shukrani kwa kamati ya harusi ya Baraka na Neema

Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mama mweka hazina na wajumbe wote wa kamati, Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi wazazi wa pande zote mbili tumekaa pamoja hapa Kihonda, tukaona tusiwashukuru kwa kupeana mikono ukumbini tu. Vijana wetu wameoana, wageni wamekula wakashiba na kila mmoja amerudi kwake salama. Kazi hiyo ni yenu.

Mlipoanza vikao, bajeti ilisomeka shilingi 16,500,000, na wazee tuliangaliana. Mwenyekiti ukasema, "Wazazi tulieni, hii ni harusi yetu." Tangu siku ile hamkutuachia mzigo. Mligawa kadi za mchango, mkafuatilia ahadi kwa simu na kwa miguu, na kila jioni katibu aliweka orodha kwenye kundi: nani ametoa, nani amepunguza ahadi, kiasi gani kimebaki. Hakuna aliyedaiwa kwa maneno makali. Hilo limetugusa sana, kwa sababu mchango unaodaiwa vibaya huacha chuki mtaani hata baada ya harusi kwisha.

Mama mweka hazina, tumeliona daftari lako. Bibi wa maandazi pale kituoni alitoa shilingi 5,000 na jina lake limeandikwa kwa mwandiko uleule wa aliyetoa laki tano, na risiti alipewa. Mungu akubariki kwa moyo huo.

Taarifa tumeipokea: makusanyo 16,830,000, matumizi 16,415,000, salio 415,000 ambalo mmewakabidhi maharusi. Hakuna deni la ukumbi, la mapambo wala la muziki. Wazazi wengi huamka siku ya pili wakikuta wadai mlangoni. Sisi tumeamka tukinywa chai.

Vijana wa vinywaji na chakula, mvua iliponyesha wakati wa kuingia ukumbini mlibeba masufuria ya pilau kichwani mkilowa, wageni wasijue lolote. Kina mama wa mapokezi, wageni wetu waliotoka Songea na Mbeya hadi leo wanapiga simu kuwasifu.

Kwa wote waliochangia, wenye ahadi kubwa na ndogo, na wale waliokosa fedha lakini wakaja kuosha vyombo na kupanga viti, asanteni sana. Zamu zenu zikifika, tuleteeni kadi. Tusipoletewa tutalalamika.

Jumapili ijayo, baada ya misa ya pili, karibuni nyumbani kwa Baba Baraka tuvunje kamati. Mbuzi wawili wapo, na maharusi watawahudumia wenyewe. Njooni na familia zenu, watoto pia.

Wenu,
Baba na Mama Baraka
Baba na Mama Neema
Morogoro