Uchambuzi wa Gharama na Faida: Mradi wa Maji wa Vijiji vya Mtakuja, Kisimani na Mlangali

Waraka kwa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango

Pendekezo

Halmashauri ijenge mradi wa maji ya mserereko kutoka kijito cha mlimani, ambao katika waraka huu unaitwa Chaguo A. Chaguo B, yaani kisima kirefu cha bondeni chenye pampu ya dizeli, kinapungukia Chaguo A kwa shilingi milioni 1,350 katika gharama za ujenzi, na ndiyo maana kimependwa vikaoni. Hata hivyo, miaka 25 ya kununua mafuta na kubadilisha pampu huimaliza akiba hiyo yote. Pendekezo hili linategemea sana kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayoshusha thamani ya fedha kwa kila mwaka zinaokawia, kwa hiyo tumekieleza kwa kirefu kuliko kawaida ya nyaraka zetu.

Hali ilivyo

Vijiji hivi vitatu, vilivyo kwenye miteremko ya kusini ya Uluguru, vina watu 6,400 katika kaya 1,280. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya 2002, yaani lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250 na umbali usiozidi mita 400, vinahitaji mita za ujazo 160 kwa siku na vituo 26 vya kuchotea. Kwa sasa kaya moja hutumia saa 2.6 kwa siku kuteka maji wakati wa kiangazi na saa 0.8 wakati wa mvua. Wanaoteka ni akina mama na wasichana.

Wajumbe wameuliza kwa nini pampu isitumie umeme jua. Kisima cha majaribio kilitoa mita za ujazo 10 kwa saa, kwa hiyo pampu italazimika kufanya kazi saa 16 kila siku ili kutosheleza mahitaji, na jua halitoshi kwa saa hizo. Gridi nayo iko kilomita 22 kutoka kisimani na haimo kwenye mpango wowote wa halmashauri.

Gharama

Bei zote ni za 2025, bila mfumuko. Kodi na tozo za mafuta zimeondolewa: fedha hizo hutoka mfuko mmoja wa umma au wa mwananchi kwenda mwingine, wala hazili rasilimali ya nchi.

Chaguo A litagharimu milioni 2,400 kujenga banio, chujio, tenki, mabomba na vituo. Kila mwaka litahitaji milioni 28 za uendeshaji, pamoja na klorini. Tumeongeza milioni 8 kwa mwaka, ambazo ni thamani ya mboga na migomba itakayokosa maji chini ya banio. Wataalamu wa ujenzi hawakuziweka kwa sababu hakuna atakayeandikiwa hundi, lakini wakulima wale watapata hasara ya kweli.

Chaguo B litagharimu milioni 1,050 kujenga, milioni 150 kwa mwaka kuendesha, na milioni 120 za kubadilisha pampu na jenereta katika mwaka wa 9 na wa 18.

Faida

Faida kubwa ni muda. Baada ya mradi, kaya itatumia saa 0.6 kwa siku. Tukichukua siku 180 za kiangazi na 185 nyingine, kila kaya itaokoa saa 397 kwa mwaka. Kaya 310 hununua maji ya bodaboda kwa siku 90, kwa hiyo tumeziondoa kwenye hesabu ya muda kwa siku hizo ili faida moja isihesabiwe mara mbili. Zinabaki saa 452,360 kwa mwaka.

Kibarua wa shambani hulipwa shilingi 6,000 kwa saa sita, sawa na 1,000 kwa saa. Tumechukua nusu, kwani si kila saa itakayookolewa itaingia shambani. Inapatikana milioni 226. Kwa maji ya bodaboda tumehesabu milioni 37 tu kati ya 56 zinazolipwa, ambazo ni mafuta na nguvu kazi. Zilizobaki ni faida ya muuzaji. Matibabu ya kuhara yatakayoepukwa ni milioni 14. Jumla ni milioni 277 kwa mwaka. Hatukuongeza chochote kwa ongezeko la watu, na msimamo huo unaibeba B, kwa sababu kila ndoo ya ziada inahitaji dizeli kwenye B lakini si kwenye A.

Kiwango cha punguzo

Rasimu ya kwanza ilitumia 12%. Kwa miaka mingi Benki ya Dunia ilitumia 10% hadi 12%, kisha mwongozo wake wa 2016 ukapendekeza 6% kwa nchi ambayo kipato cha kila mtu kinakua kwa takriban 3% kwa mwaka. Riba ya mkopo wa benki si kipimo sahihi hapa: ina mfumuko wa bei ndani yake, na inabeba hatari ya mkopaji mmoja.

Sisi tumetumia kanuni hii:

`r = ρ + θg`

Hapa ρ ni 1.5%, yaani kiasi ambacho jamii huipendelea leo kuliko kesho. Nayo θ ni 1.5, inayoonyesha jinsi shilingi inavyopungua uzito kadiri mtu anavyotajirika; na g ni 3%, ukuaji wa kipato tunaoukisia. Jibu ni 6%.

| Shilingi milioni | A, 6% | B, 6% | A, 12% | B, 12% |
|---|---|---|---|---|
| Gharama kwa thamani ya sasa | 2,860 | 3,081 | 2,682 | 2,285 |
| Faida kwa thamani ya sasa | 3,541 | 3,541 | 2,173 | 2,173 |
| Faida halisi | 681 | 460 | −510 | −113 |

Kwa 6%, A inarudisha shilingi 1.24 kwa kila shilingi moja. Kwa 12% hakuna chaguo linalofaulu, ila B inapata hasara ndogo zaidi. Mpaka wa gharama kati ya machaguo haya uko karibu na 7.6%: chini yake A ni nafuu, juu yake B ni nafuu. Faida halisi ya A inafikia sifuri kiwango kikikaribia 8.8%, na ya B kikikaribia 10.4%. Mjumbe atakayeona 11% ndicho kiwango cha haki hatakuwa na hoja ya kuchagua B kama faida. Atakuwa anasema mradi wowote kati ya hii miwili usijengwe.

Kinachoweza kutuangusha

Gharama za ujenzi zikizidi kwa 20%, A bado ina faida ya milioni 201. Kikomo ni 28%. Thamani ya saa ndiyo dhaifu zaidi: ikishuka chini ya shilingi 382, A inapata hasara hata kwa 6%. Anayetaka kutupinga aanzie hapo.

B nayo inadhaniwa kufanya kazi kila siku. Dizeli ikikosekana kiasi cha kupunguza faida kwa 10%, faida halisi ya B kwa 6% inabaki milioni 106.

Ipo pia hesabu ya mwananchi. Ndoo 8,000 za lita 20 kwa siku ni ndoo milioni 2.92 kwa mwaka. Ili chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kijiendeshe, ndoo ya A inahitaji takriban shilingi 10 na ya B shilingi 51, kabla ya kuzirudisha kodi za mafuta na kabla ya pampu mpya.

Masharti kabla ya zabuni

Kibali cha kutumia maji kipatikane kwanza kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mtiririko upimwe tena mwezi Oktoba: kipimo cha sasa ni lita 4.1 kwa sekunde, na tunahitaji lita 1.9. Wenye bustani chini ya banio waorodheshwe na serikali za vijiji, na fidia yao iingizwe kwenye bajeti ya ujenzi, isisubiri makusanyo ya ndoo.