Kwa Rehema, siku ya leo

Rehema mpendwa,

Umeamkaje, rafiki yangu? Nauliza tu kwa mazoea ya kuuliza, sitaraji uniambie "salama" ikiwa si salama.

Leo ni mwaka wa pili tangu Baraka atutoke. Nimeamka nikikuwaza, nikaona nikuandikie badala ya kukupigia. Simu ikiita, mtu hana budi aamue papo hapo kama anapokea au haipokei, na leo sitaki uamue lolote kwa ajili yangu. Ujumbe unaweza kusubiri. Usome sasa, usome usiku watoto wakishalala, usome wiki ijayo. Ukiishia hapa ukaufunga, ni sawa pia. Nikiona umeshausoma na hukujibu, sitauliza kulikoni.

Mwaka jana siku kama ya leo simu yako haikupumzika. Watu walifika, waliosali walisali, waliolia walilia, na mjomba wako akasimulia vile visa vyake mpaka tukacheka wote. Mwaka huu nahisi kutakuwa kimya zaidi. Sidhani kama watu wamesahau. Wengi wanaogopa kutonesha kidonda, na wengine wanaona miaka miwili inatosha, kana kwamba kuna mahali ilipoandikwa. Hata mimi nilisita kidogo kabla ya kushika simu. Kisha nikajiambia, kwani kumtaja Baraka kutamkumbusha Rehema kitu gani ambacho hakijui? Tarehe hii unaisikia ikija tangu mwezi haujaandama.

Kwa hiyo nimemtaja kwa jina lake, makusudi. Wala sikuambii ujikaze. Wala sikuambii kazi ya Mungu haina makosa. Hayo uliambiwa sana msibani, na kila aliyekuambia ulimwitikia kwa heshima zote, ila mimi nilikuwa nimekaa karibu na nilikuwa nakuona usoni.

Nina kitu cha Baraka nataka nikupe. Sijawahi kukusimulia, na haikuwa siri, ni vile hakikupata nafasi yake.

Unalijua lile kabati langu la nguo, lile la mbao zito? Siku niliyohamia ninapokaa sasa, Baraka ndiye aliyekuja kunisaidia kulipandisha. Mimi nikasema tupime kwanza. Akacheka, akanyoosha mikono, akapima kabati kwa mikono, akaenda akapima na ngazi kwa mikono hiyo hiyo, akatangaza, "Linapita, tena nafasi inabaki." Basi halikupita. Lilinasa pale ngazi zinapokata kona, yeye juu, mimi chini, kabati katikati, mbele haliendi na nyuma halirudi. Mwingine angetukana. Yeye akakaa zake kwenye ngazi akaanza kupiga soga. Na mimi nikakaa upande wangu. Simwoni uso, kwa ule upenyo mdogo wa ukutani naona kiatu chake kimoja tu, kamba zimefunguka kama kawaida yake, na mguu unatikisika.

Hapo ndipo alipokutaja. Nadhani mlikuwa mmekorofishana siku zile, sikujua kwa lipi na sikumuuliza. Akasema, "Dada kaninunia. Lakini jana nimerudi usiku nikakuta kanibakizia chakula, kakifunika na sahani." Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi nikipata habari nzuri, wa kwanza kumwambia ni yeye. Hata tukiwa tumenuniana. Namwambia, halafu tunaendelea kununiana." Hakulainisha sauti wala nini, aliongea kama mtu anayekutajia saa. Kisha akalipiga kabati ngumi akaniuliza, "Tatu, una msumeno?"

Msumeno sikuwa nao, namshukuru Mungu. Tulimaliza kwa kuifungua milango ya kabati, likapita. Aliporudisha milango, bawaba moja akaifunga kinyume, na mlango ule mpaka leo ukiusukuma unarudi nusu. Juzi fundi alikuja kwa kazi nyingine, akauona, akataka kuurekebisha. Nikamwambia auache.

Sitaki kuchimbua yale uliyoniambia usiku ule tulipobaki wawili, kuhusu yale maneno yenu ya mwisho. Hayo ni yako na yeye. Ninakupa tu alichosema, kwa kinywa chake, nilivyokisikia mimi nikiwa upande wa pili wa kabati. Utakavyokipokea ni juu yako, na usipotaka kukizungumzia kabisa, mimi sitakianzisha tena.

Nina na picha ya siku ile, amekaa ngazini, vumbi limemjaa kichwani kama aliyetoka kubomoa ukuta. Sijaiambatanisha hapa. Maneno mtu anaweza kuyasoma polepole na kuyaacha, ila picha inafunguka yenyewe, na sikutaka ikukute ukiwa kazini mbele za watu. Ukiitaka, leo au mwakani, niandikie neno moja tu, "picha", nitakutumia bila maneno mengine.

Jambo lingine dogo. Alhamisi mama ana kliniki yake. Nimeongea naye, nitampeleka mimi na kumrudisha, dawa zake nitazipitia hapo hapo. Sikufanya hivyo kwa kukuona huwezi. Najua tu wiki hii kila kitu kidogo kina uzito wake, na hilo moja nimeona niliweze. Kama ungependa kwenda naye mwenyewe, maana najua wakati mwingine ile safari ndiyo mnayopata kukaa wawili, basi niambie asubuhi ile ile, nitakaa pembeni na hakuna kitakachoharibika. Mama nitamsalimia mwenyewe, usijipe kazi ya kupeleka salamu zangu.

Na leo jioni nipo nyumbani, sina safari. Ukijisikia kuja, njoo hata bila kupiga. Si lazima tuongee; utakaa kwenye kochi lako lile la dirishani, nami nitaendelea na shughuli zangu za nguo. Ukitaka kuwa peke yako, kaa peke yako kwa raha zako. Na ikitokea siku imepita ukashtukia ulikuwa unacheka na wenzako ofisini, usiione kama deni. Baraka huyo ninayemjua mimi angetaka kujua kwanza mlikuwa mnacheka nini.

Mungu amlaze mahali pema, na wewe akupe usingizi mzuri usiku wa leo.

Wako,
Tatu