TAARIFA YA KUSITISHA UPANGAJI

Mabatini, Mwanza
Jumatatu, 2 Machi 2026

Kwa: Bi. Rehema Masanja (Mama Neema), mpangaji
Kutoka: Deus Malima, mwenye nyumba

YAH: KUTOHUISHA MKATABA WA PANGO UNAOISHA 30 JUNI 2026

Mama Neema, salaam.

Kwanza naifuta karatasi niliyobandika mlangoni kwako Jumapili ya 22 Februari. Maneno ya kukupa siku saba, ya kuweka kufuli na ya kung'oa mabati hayakupaswa kuandikwa. Mkataba wetu hauniruhusu na sheria hainiruhusu. Watoto waliisoma ile karatasi kabla yako, na hilo limeniuma. Naomba radhi. Kuanzia leo ihesabu kuwa haipo. Taarifa rasmi ni hii.

Mkataba tuliosaini kwa ajili ya vyumba viwili, sebule na jiko ulianza 1 Julai 2025 na unaisha Jumanne, 30 Juni 2026. Kifungu cha mwisho kinamtaka asiyetaka kuendelea amwarifu mwenzake kwa maandishi miezi mitatu kabla. Kwa taarifa hii nakujulisha kwamba sitahuisha mkataba huo. Kuanzia leo hadi siku hiyo ya mwisho ni siku 120.

Sababu si kodi wala mwenendo wako. Kodi ya shilingi 180,000 kwa mwezi umelipa hadi 30 Juni, stakabadhi ninayo na wewe unayo. Mama yangu mzazi anaishi Nansio, na kila mwezi anavuka na kivuko kuja kliniki Bugando. Sasa miguu haimruhusu tena kupanda na kushuka kivuko. Nyumba yangu iliyo karibu na hospitali ni hiyo unayokaa. Ningekuwa na nyingine, nisingekusumbua.

Hadi siku ya mwisho nyumba ni yako kama mkataba unavyosema. Sitaingia bila kukuarifu siku moja kabla, sitagusa LUKU wala maji, na sitaleta mtu wa kupima wala kupaka rangi ukiwa bado humo. Nimechagua kusubiri mkataba uishe, badala ya kukuomba utoke mapema, kwa sababu Juni shule huwa na likizo na Neema hatahama katikati ya masomo.

Ukipata nyumba mapema, hama bila hofu. Niarifu wiki mbili kabla, nami nitakurudishia kodi ya kila mwezi mzima ambao hutaukaa. Kwa mfano, ukitoka 31 Mei nitakurudishia shilingi 180,000 za Juni siku utakayokabidhi funguo.

Amana yako ni shilingi 180,000. Jumamosi ya 13 Juni, saa nne asubuhi, naomba tukague nyumba pamoja, nawe uje na shahidi wako ukipenda. Ufa wa ukuta wa nyuma, ule unaoelekea kwenye jiwe kubwa, ulikuwepo kabla hujaingia, na sinki la jiko lilikuwa limeshapasuka ukingo. Hayo si yako. Koki ya bafuni na komeo la mlango wa uani ulinunua kwa fedha zako; leta risiti, nitakulipa juu ya amana. Kuchakaa kwa rangi kwa kukaa tu hakutakatwa. Kama kuna kitu kilichovunjika kweli, tutakiandika siku hiyo na kukubaliana bei ya fundi kabla ya kukata chochote. Amana italipwa 30 Juni, mkono kwa mkono, ukinipa funguo tatu: mbili za mlango wa mbele na moja ya geti.

Siku hiyo hiyo tutasoma mita ya maji, wewe ulipe hadi usomaji huo na usidaiwe zaidi. Uniti za umeme zitakazobaki kwenye LUKU nitakurudishia thamani yake.

Ukiona kuna jambo hapa halilingani na mkataba, au tarehe hii inakubana kwa sababu ya msingi, niandikie kabla ya 31 Machi tukae tuzungumze, hata mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Tusipoelewana, wewe na mimi sote tuna haki ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na uamuzi wake ndio tutakaoufuata. Kutoa vyombo vya mtu nje kwa mkono wangu sitafanya.

Nimeleta nakala mbili. Ukisaini moja unathibitisha tu kwamba umeipokea leo. Hujakubali wala kukataa lolote. Nakala ya tatu nimeipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, kwa kumbukumbu.

Ahsante kwa kuitunza nyumba. Ule mwembe wa uani ulikuwa unakauka ulipoingia, na leo unatoa kivuli.

Wako,
Deus Malima
Mwenye nyumba