Kumbukumbu ya malipo: Ankara Na. 0147, ilitakiwa kulipwa 2 Aprili 2026

Habari za kazi, Dada Rehema,

Natumaini hujambo, na kwamba mwongozo wa watumiaji umeanza kuwafikia waliokusudiwa. Nimefurahi kusikia kwamba idara ya mafunzo imeupokea vizuri. Zile jedwali za sura ya nne zilitutoa jasho sote wawili.

Nakuandikia kuhusu Ankara Na. 0147 ya tarehe 3 Machi, ya tafsiri na upangaji kurasa wa mwongozo huo. Awamu ya kwanza, asilimia 40, mliilipa kabla kazi haijaanza, nami nashukuru. Asilimia 60 iliyobaki ilitakiwa kulipwa ndani ya siku 30, yaani kufikia 2 Aprili. Niliwakumbusha tarehe 14 Aprili, lakini hadi leo, 27 Aprili, fedha hazijaingia kwenye akaunti yangu wala sijapata jibu.

Najua ankara huweza kukwama kwa jambo dogo tu: namba ya oda haikuandikwa, au mwenye kuidhinisha yuko likizo. Kama ndivyo, niambie kinachokosekana nami nitakutumia siku hiyo hiyo. Na kama kuna kipengele cha kazi au cha hesabu ambacho hamkuridhika nacho, tafadhali nieleze wazi. Ni afadhali nikisikie sasa tukirekebishe kuliko deni likae kimya kati yetu.

Ninachoomba ni salio lote lilipwe kufikia Ijumaa, 8 Mei 2026, na kabla ya hapo, ikiwezekana Jumatano hii, unithibitishie kwa maandishi tarehe mtakayolipa. Ikiwa kulipa kwa mkupuo mmoja ni vigumu kwa sasa, niko tayari kupokea kwa mafungu mawili, mradi tukubaliane tarehe zote mbili wiki hii.

Mkataba wetu unaruhusu tozo ya ucheleweshaji. Sijaiweka, na sitaiweka malipo yakikamilika kufikia tarehe hiyo. Ila kazi ya toleo la pili, ambayo tulipanga ianze 11 Mei, sitaweza kuianza kabla ankara hii haijafungwa. Nimewatengea wiki hiyo kwenye ratiba yangu na ningependa ibaki yenu.

Nimeambatanisha tena nakala ya ankara pamoja na hati ya makabidhiano mliyoisaini. Maelezo ya benki ni yale yale yaliyo chini ya ankara, hayajabadilika. Kama malipo yameshatumwa, nisamehe kwa usumbufu, unitumie tu nakala ya hati ya benki niyafuatilie upande wangu.

Kama ni rahisi zaidi kuzungumza, nipigie kesho asubuhi. Na kama suala hili liko mikononi mwa mhasibu wenu, naomba umjumuishe kwenye jibu lako.

Wako katika kazi,

Salim
Mfasiri na mpangaji kurasa

Viambatanisho: Ankara Na. 0147, hati ya makabidhiano